Han: Neno la Kikorea Linalowashinda Watafsiri

Katika filamu ya Kikorea iitwayo Seopyeonje, mwalimu wa uimbaji aitwaye Yu-bong anazunguka vijiji vya kusini mwa nchi na watoto wawili asiowazaa. Msichana, Song-hwa, anafundishwa kuimba. Mvulana, Dong-ho, anafundishwa kupiga ngoma. Maisha ni ya njaa na viboko, na siku moja mvulana anachoka, anatoroka. Yu-bong anaingiwa na hofu kwamba na msichana naye atamkimbia. Zaidi ya hapo kuna jambo linalomkera kila anapomsikiliza: sauti ya binti ni nzuri, lakini haina han. Basi anampikia dawa ya mitishamba akimwambia ni ya kumtia nguvu. Binti anainywa, na taratibu anapofuka.

Filamu hiyo ya mwongozaji Im Kwon-taek ilitoka mwaka 1993, na ilikuwa ya kwanza ya Kikorea kuvuka watazamaji milioni moja katika jiji la Seoul peke yake. Wakorea walitoka kwenye kumbi za sinema wakilia. Wageni walioitazama nje ya Korea nao waliguswa, ila wengi walibaki na swali moja: hiyo han ni kitu gani hasa, hata mlezi athubutu kumpofusha mtoto ili aipate?

Swali hilo halijibiwi kwa kufungua kamusi. Kamusi za Kiingereza hutoa msururu wa maneno: huzuni, kinyongo, majuto, uchungu, chuki. Kila moja lina ukweli kidogo, na kila moja likiachwa peke yake linapotosha. Hata mtu akiyachanganya yote katika chungu kimoja bado hapati han, maana kasoro haiko katika wingi wa hisia. Iko katika namna Wakorea wenyewe wanavyolitumia neno hilo, na hasa katika vitenzi wanavyoliambatanisha navyo.

Neno lenyewe linatokana na herufi ya Kichina yenye sehemu mbili: upande wa kushoto ni alama ya moyo. Wachina wanaitumia herufi hiyohiyo, na kwao maana yake ya kila siku ni kuchukia. Wajapani wanayo pia, na kwao inaelekea kwenye kisasi, kinyongo cha mtu anayejua amwendee nani. Huko Korea herufi hiyo ilichukua njia yake. Kamusi sanifu ya Kikorea inaieleza kuwa ni moyo uliofanya donge kwa sababu ya kuonewa, kulalamika, kusikitika au kuhuzunika kupita kiasi. Msomaji wa Kiswahili aliangalie neno hilo, donge. Halimaanishi kwamba mtu analia sasa hivi. Linamaanisha kwamba kilio kilikosa pa kutokea, kikaganda.

Wakorea hawasemi kwamba mtu "anahisi" han kama anavyohisi baridi au njaa. Husema han imefungamana ndani yake, kwa kitenzi kilekile kinachotumika kwa umande unaojikusanya kwenye jani au tunda linaloshika mtini. Husema mtu ameikumbatia han, ameificha kifuani. Na inapokwisha hawasemi imepona wala imesahaulika. Husema imefunguliwa. Kitenzi hicho, pulda, ndicho kinachotumika kufungua kamba za viatu, kufungua mzigo, hata kufumbua hesabu iliyomshinda mwanafunzi. Kwa hiyo ndani ya neno tayari kuna hadithi nzima: jambo lilitokea, halikupatiwa haki wala faraja, likakaa miaka, na linangoja mkono wa kulifungua. Ukisema "huzuni" umeitaja hali, lakini hadithi yote umeiacha nje.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri katika mazungumzo ya kawaida yasiyohusu vita wala siasa. Wako wanawake wengi wa Korea waliozaliwa kabla ya Vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953, ambao hawakupelekwa shule kwa kuwa walikuwa wasichana, au kwa kuwa nyumbani hapakuwa na chakula. Wamezeeka bila kujua kusoma. Kikorea kina jina la jambo hilo: han ya kutosoma. Katika wilaya ya Chilgok, kusini mashariki mwa nchi, mabibi wa aina hiyo walikusanywa kwenye madarasa ya kusoma na kuandika. Wakaanza kuandika mashairi kwa mwandiko wao wa kutetemeka, na mwaka 2020 miandiko ya watano kati yao ikageuzwa kuwa maumbo ya herufi za kompyuta ambayo mtu yeyote anaweza kuyatumia.

Chukua sasa han ya bibi wa namna hiyo, uitafute katika Kiswahili. Kinyongo hakifai, maana kinyongo huwa na mwenyewe. Mtu humwekea kinyongo fulani, kwa sababu fulani. Bibi huyu amwekee nani? Baba yake alikufa zamani, na pengine naye alikuwa akimpenda, ila shilingi ilikuwa moja na watoto sita. Majuto nayo hayafai, kwa kuwa mtu hujutia alilolitenda mwenyewe, na yeye hakutenda lolote. Ukisema ana huzuni utamfanya mtu mwenye uso wa kilio, na hali amelea watoto, amelima, amecheka harusini. Han yake ilikuwa palepale siku zote hizo, ikijitokeza tu anapoombwa kusoma kibao cha basi.

Siku bibi huyo anapoandika jina lake kwa mara ya kwanza, kuna kauli ambayo Wakorea wengi wangeitamka mahali pake: "yeohan-i eopda." Tafsiri ya neno kwa neno ni kwamba hakuna han iliyosalia. Tafsiri za Kiingereza huandika kwamba hana majuto, na anayetafsiri Kiswahili kutoka kwenye Kiingereza hicho naye huandika "sina majuto". Msomaji atashangaa: alikosa nini hata aseme hana majuto? Tafsiri iliyo karibu zaidi ingekuwa "hata nikifa leo, sina dukuduku moyoni". Hapo angalau msikilizaji anajua kwamba lilikuwapo jambo, lilikaa ndani muda mrefu, na sasa limetoka.

Kwa kweli Kiswahili kinakaribia han kuliko Kiingereza kinavyoweza. Tunalo fundo la moyo, tunalo donge linalokaa kooni, tunalo dukuduku ambalo hutolewa. Tunao uchungu, neno lenye maumivu na hasira kwa pamoja. Lakini fundo letu mara nyingi humwelekea mtu, na mwenye fundo tunamhesabu kuwa na kasoro ya tabia, kwamba hajui kusamehe. Mwenye han hahukumiwi hivyo. Kwa Wakorea kuwa na han ni kuwa umeonewa na maisha, na wanaokuzunguka wana wajibu wa kukusaidia uifungue.

Huko kufungua si msemo tu. Katika kisiwa cha Jindo, kusini magharibi mwa Korea, ipo ibada ya maiti iitwayo ssitgimgut, yaani ibada ya kuosha, ambayo serikali iliiorodhesha mwaka 1980 kuwa urithi wa taifa. Hufanywa na mudang, mganga wa jadi ambaye mara nyingi ni mwanamke. Katika eneo hilo kazi hii hurithiwa kwenye ukoo, na mudang wa hapo hapandishi pepo. Anachofanya ni kuimba, amevaa mavazi meupe, huku nyuma yake wakipigwa ngoma, tasa, filimbi na vinanda vya nyuzi, usiku kucha.

Ibada ina hatua nyingi, na mbili kati yake zinaeleza han kuliko kitabu chochote. Katika ya kwanza, kitambaa kirefu cheupe kimepigwa mafundo kadhaa, aghalabu saba, na ncha yake moja imefungwa juu ya mti. Kila fundo ni jambo ambalo marehemu alikufa nalo. Mudang anakishika kitambaa, anaimba, anakitikisa, na fundo moja linafunguka. Anaendelea kuimba, la pili linafunguka, mpaka kitambaa kinanyooka chote. Jamaa wanatazama na kulia waziwazi, kwa kuwa wanajua kila fundo lina jina lake: mtoto aliyepotea, deni, ndoa iliyovunjika, safari ambayo mtu hakurudi.

Baada ya hapo huja kuosha. Nguo za marehemu zinakunjwa ndani ya mkeka na kusimamishwa wima mfano wa kiwiliwili. Juu yake huwekwa bakuli na mfuniko wa chungu, kichwa na kofia. Mudang huchovya ufagio mdogo katika maji ya majani ya pakanga, kisha maji ya manukato, kisha maji safi, na kuuosha mwili huo wa mkeka kuanzia juu hadi chini. Mwisho hutandazwa kitambaa kingine kirefu kama njia, na roho husindikizwa juu yake mpaka ng'ambo. Aliyekufa na han haondoki, ndiyo imani yenyewe. Hubaki akizunguka, na walio hai hawapati raha. Kwa sababu hiyo ibada ni ya pande mbili, na wanaofunguliwa ni wafiwa pia.

Ukiijua ibada hiyo, Seopyeonje inasomeka vingine. Uimbaji unaofundishwa mle, pansori, ni wa watu wawili: mwimbaji mmoja na mpiga ngoma mmoja, wakisimulia kisa kirefu ambacho kikiimbwa chote huchukua saa kadhaa. Sauti inayosifiwa si laini wala tamu. Ni ile iliyokwaruzika kwa mazoezi ya miaka, na tangu zamani wanafunzi walikwenda kuimba kando ya maporomoko ya maji wakishindana na kelele zake. Yu-bong aliamini kwamba koo likikwaruzwa na moyo ubaki mzima, sauti haikamiliki.

Jambo ambalo watazamaji wengi wa nje hupitwa nalo liko karibu na kifo chake. Anakiri kwamba ni yeye aliyempofusha. Anamwambia Song-hwa kuwa kama angemwona adui, sauti yake ingejaa won-han, lakini hajaisikia humo. Hapo yametumika maneno mawili tofauti. Won-han ni ile yenye mwelekeo: nimekosewa na fulani, na fulani atalipa. Katika hadithi za kale za Korea mizimu ya wasichana waliouawa hurudi usiku na won-han, na hutulia wakisha kupata hakimu wa kuwahukumu waliowaua. Han ni pana zaidi, na mara nyingi haina anwani. Yu-bong anamtaka binti aende mbele tena: asizame katika han yake, aimbe sauti inayoivuka. Tafsiri inayoandika "huzuni" mwanzo wa filamu na "chuki" hapo mwishoni inaikata kamba iliyoshikilia kisa chote. Mtazamaji anabaki na mlezi katili na binti mnyonge, basi.

Halafu Dong-ho, ambaye sasa ni mtu mzima, anampata dada yake baada ya kumtafuta miaka mingi. Hajitambulishi. Anamwomba aimbe, anachukua ngoma, na wanaimba mpaka alfajiri kisa cha Sim Cheong, binti aliyejitoa mhanga ili baba yake kipofu apate kuona. Asubuhi wanaachana. Mtazamaji asiyejua kitenzi pulda hungoja wakumbatiane na kulia, na anapoona hawafanyi hivyo hudhani kisa kimekatika njiani. Lakini kufungua kumeshafanyika usiku ule, kwa sauti na ngoma.

Han inayokosa kufunguliwa ina madhara yanayopimika mwilini. Madaktari wa Korea wanayajua kwa jina la hwabyeong, maradhi ya moto. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke wa makamo aliyevumilia mume au mkwe kwa miaka bila kujibu, hulalamika joto linalopanda kifuani hadi usoni, kubanwa pumzi, kushusha pumzi ndefu kila mara, na kitu kizito kilichokaa chini ya kifua kama donge. Daktari wa akili Min Sung-kil aliyachunguza maradhi haya kwa miaka mingi. Mwaka 1994 yaliingizwa katika mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili, katika orodha ya maradhi yanayofungamana na utamaduni fulani, yakielezwa kuwa ni ugonjwa wa hasira. Toleo la 2013 lilipotoka, hayakuwamo tena katika orodha hiyo. Ni mfano mwingine wa tafsiri iliyoshika nusu: hasira ipo kweli, ila mgonjwa akiulizwa huanza na miaka aliyonyamaza.

Hapa inafaa kutoa tahadhari, kwa sababu habari za han zinapoandikwa nje ya Korea huwa na tabia ya kukuza mambo. Utasoma kwamba han ni roho ya taifa, kwamba Wakorea huzaliwa nayo, kwamba iko katika damu yao kwa miaka elfu. Wataalamu wa historia ya Korea wanalipinga jambo hilo, na hoja yao ina uzito. Herufi na neno ni vya kale, sawa. Lakini wazo kwamba taifa zima lina asili ya huzuni lilipata nguvu katika ukoloni wa Japani, uliodumu kuanzia mwaka 1910 hadi 1945.

Mmoja wa walioieneza picha hiyo alikuwa Mjapani Yanagi Muneyoshi, mpenzi wa sanaa za mikono. Yanagi hakuwa adui wa Wakorea. Baada ya maandamano ya kudai uhuru ya Machi 1, 1919, aliandika kuwatetea, na mwaka 1922 alipinga hadharani mpango wa kulibomoa lango la kifalme la Gwanghwamun mjini Seoul. Lakini katika maandishi yake ya miaka hiyo alieleza kwamba uzuri wa vyungu vya Korea, mistari yake na hata mavazi meupe ya watu wake, ni uzuri wa majonzi, alama ya taifa lililoteswa na historia. Baadaye wasomi wa Korea walimjibu: nguo nyeupe zilivaliwa harusini na shambani, na watu walewale walikuwa na ngoma za kinyago zilizojaa vicheko na matusi. Ukimwambia mtu aliyetawaliwa kwamba huzuni ndiyo asili yake, umeshamwondolea mtawala lawama.

Kilichotokea baada ya uhuru ni cha kustaajabisha. Wakorea waliichukua picha hiyo wakaigeuza. Katika miaka ya 1970, chini ya utawala wa kijeshi wa Park Chung-hee, mwanateolojia Suh Nam-dong na wenzake walianza kuhubiri kwamba han ni ya wanyonge, wakulima wasio na ardhi na wasichana wa viwandani, na kwamba kazi ya mchungaji ni kuifungua. Mshairi Kim Chi-ha, aliyefungwa jela kwa mashairi yake, alisema han peke yake ni ya hatari, kwa kuwa ikilimbikizwa huzaa kisasi, na kisasi huzaa han nyingine. Aliiwekea mwenza, dan, yaani kukata: kukata mnyororo wa kulipizana. Neno ambalo mgeni alilitumia kueleza unyonge likawa neno la kudai haki.

Madai hayo yalipata uso na jina mnamo Agosti 14, 1991. Kim Hak-sun, mjane aliyefiwa na mume na watoto wake wawili, alikaa mbele ya waandishi wa habari mjini Seoul akaeleza kwamba akiwa na miaka 17 alichukuliwa na kufanywa mtumwa wa ngono wa jeshi la Japani. Alikuwa wa kwanza nchini Korea Kusini kujitaja hadharani kwa jina. Alikuwa amenyamaza nusu karne. Waliomfuata walikuwa wengi, na kuanzia Januari 8, 1992 walianza kukusanyika kila Jumatano mbele ya ubalozi wa Japani.

Wanawake hao waliitwa katika magazeti na mabango kuwa wenye han, na madai yao kuwa ni ya kuifungua. Desemba 28, 2015 serikali za Korea Kusini na Japani zilitangaza makubaliano: Japani ingetoa yeni bilioni moja, na suala lingehesabiwa kuwa limekwisha, bila kurudi nyuma. Zaidi ya manusura 30 walizipokea fedha hizo, na hakuna anayeweza kuwalaumu wazee maskini kwa hilo. Wengine walizikataa. Walisema hawakuulizwa kabla ya makubaliano, na kwamba walichotaka ni Japani ikiri kisheria kuwa ilitenda kosa. Mwaka 2018 serikali mpya ya Korea Kusini ilitangaza kuuvunja mfuko uliokuwa ukigawa fedha hizo.

Wanadiplomasia walikuwa wamelipima jambo hilo kwa neno lisilolitosha. Kinyongo kinaweza kulipwa. Huzuni inaweza kupozwa kwa rambirambi. Han hufunguliwa mbele ya mwenye nayo, akiwapo na akisikika, jamaa wakitazama, kama kitambaa cha Jindo. Makubaliano yaliyofanywa pembeni yake hayafungui kitu.

Wanaotafsiri filamu na tamthilia za Kikorea kwa Kiswahili, na ni kazi inayozidi kupata watazamaji, hawana sababu ya kupitia Kiingereza kulifikia neno hili. Mahali penye fundo lisilo na mtu, waseme donge au dukuduku. Penye mtu anayelaumiwa, waseme kinyongo. Na penye uzito wote, waliache han lilivyo, walipe kitenzi chake: imefunga, imekaa, imefunguka. Kim Hak-sun alifariki Desemba 1997, kesi aliyoifungua katika mahakama ya Tokyo ikiwa haijaamuliwa. Kati ya wanawake 240 walioandikishwa na serikali ya Korea Kusini kuwa manusura wa utumwa ule, waliobaki hai leo hawafiki kumi.